Mvinyo mwekundu mwepesi unaonyweka ukiwa umepozwa: hiyo njia ya kaboni ni nini hasa?

Mkazi_wa_Nyegezi

Habari zenu wadau wa jukwaa. Nina swali ambalo nimelibeba kwa muda, na nitashukuru nikipata jibu la mtu anayeijua kazi hii kwa undani.

Mimi na wifi yangu tunapenda mvinyo, lakini mwekundu hutushinda. Ukishauweka mdomoni, ulimi na fizi hukauka kama umetafuna kitu kibichi, na kwa joto letu hili la Mwanza glasi moja hutosha kumchosha mtu kabla chakula hakijaisha. Hivi karibuni mgeni wetu alituambia kwamba kuna mvinyo mwekundu mwepesi, wenye harufu ya matunda, unaotolewa kwenye friji, na kwamba siri yake ni kutengenezwa kwa njia ya kaboni. Tulichukua chupa ya mwekundu wa kawaida tuliyokuwa nayo, tukaiweka friji tangu asubuhi, na jioni tukaonja. Haukuwa mwepesi hata kidogo. Ulikuwa mchungu zaidi na ukakasi ukawa mkali kuliko mwanzo.

Je, mgeni wetu alitudanganya, au chupa ndiyo haikuwa yenyewe? Na kama mvinyo wa namna hiyo upo kweli, dukani niombe nini, na niupoze kiasi gani?

Upepo_wa_Ziwa

Mgeni wenu amesema kweli. Huku kwetu hakuna sababu ya kunywa mwekundu ukiwa na joto la sebuleni, kwa kuwa ile kanuni ya joto la chumbani ilitoka kwenye nchi ambazo nyumba zao zina baridi. Weka chupa yoyote ya mwekundu kwenye friji kwa dakika 30, utaona ukali wa kileo umetulia na matunda yamejitokeza. Mimi hufanya hivyo hata kwa Cabernet. Nadhani kosa lenu lilikuwa kuiacha siku nzima.

Mama_Sangara

Samahanini, mimi naogopa hilo neno kaboni. Si ndiyo gesi ile ya soda? Mvinyo wenye gesi hunijaza tumbo. Nikitaka kitu chepesi huchukua Dompo ya Dodoma, ni tamu na haikaushi mdomo. Dada wa Nyegezi, huoni kwamba mnachotafuta ni mvinyo mtamu tu?

Fundi_Zabibu

Nimefanya kazi kwenye viwanda vya mvinyo kwa miaka mingi, kwanza nje ya nchi na baadaye hapa nyumbani, na njia hii ni mojawapo ya kazi nilizozipenda sana. Naomba nieleze kwa utulivu, kwa sababu ndani ya swali la dada kuna jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote hufuata.

Kinachowakausha mdomo kinaitwa tanini. Imo kwenye maganda ya zabibu, kwenye kokwa na kwenye vikonyo, na ni ya jamii ileile inayoipa chai ya rangi ukakasi ikikaa mno na majani. Rangi nyekundu nayo imo kwenye maganda. Kwa hiyo katika utengenezaji wa kawaida, ambapo zabibu hupondwa na juisi ikaachwa ichachuke pamoja na maganda na kokwa zake kwa wiki moja, mbili au zaidi, huwezi kupata rangi bila kupata tanini nyingi pia. Kileo kinachozaliwa humo ndani huisaidia tanini kutoka, hasa ile ya kwenye kokwa.

Njia ya kaboni hubadilisha mpangilio huo. Vichala vizima, bila kupondwa na bila kuondolewa vikonyo, huwekwa ndani ya tangi linalofungwa, na hewa yote ya kawaida hufukuzwa kwa hewa ukaa. Punje ya zabibu ambayo haijapasuka bado ina uhai. Ikikosa oksijeni, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kugeuza sukari kuwa kileo bila msaada wa hamira, na kazi hiyo yote hufanyika ndani ya ganda. Asidi kali ya zabibu, ile inayofanana na ya tofaa bichi, hupungua kwa kiasi kikubwa, wakati mwingine karibu nusu. Harufu mpya huzaliwa: stroberi, cheri, peremende, na mara nyingi ndizi mbivu. Rangi huhama kutoka kwenye ganda na kuingia kwenye nyama ya punje, ilhali tanini nyingi hubaki ilipokuwa, maana kokwa hazijaguswa na kileo bado ni kidogo.

Kileo kikifika karibu asilimia 2, punje hufa na kuanza kuvuja. Hapo ndipo huminywa, juisi hutenganishwa na maganda, na hamira humalizia sukari iliyobaki. Huo mvinyo umepata rangi yake, lakini umekaa na kokwa na maganda yaliyopasuka kwa muda mfupi tu.

Mama Sangara, gesi hiyo ni ya kulinda zabibu wakati wa kazi, na karibu yote hutoka kabla ya mvinyo kuingia kwenye chupa. Chupa nyingine changa huacha mchomo mdogo sana ulimini, lakini hakuna povu la soda. Wala si mvinyo mtamu. Pua hukuambia utamu kwa sababu ya harufu ya peremende, ila sukari yenyewe kwa kawaida imekwisha yote. Dompo ni kitu kingine kabisa, ni mvinyo mtamu ulioongezwa nguvu, na anayeupenda asilazimishwe kuuacha.

Sasa ndugu Upepo, uko sahihi kuhusu kileo: joto hukipandisha puani, na baridi hukituliza. Lakini hukuigusa tanini. Baridi huongeza ukakasi na uchungu. Ndiyo maana chupa ya dada ilizidi kuwa mbaya, na ndiyo maana Cabernet nyingi hazifai kupozwa sana. Mvinyo wa njia ya kaboni huvumilia baridi kwa sababu hauna tanini nyingi ya kukazwa na baridi hiyo.

Upepo_wa_Ziwa

Nimekuelewa mkuu, ingawa bado nasema Cabernet yangu iliyopozwa kidogo ni bora kuliko ile yenye joto la nyuzi 29. Huenda mimi ukakasi haunisumbui.

Fundi_Zabibu

Hilo sikupingi. Kuishusha kutoka nyuzi 29 hadi 18 ni kuitendea haki. Kuishusha hadi 10 ndiko ninakokupinga.

Mkazi_wa_Nyegezi

Nashukuru sana, sasa naelewa kilichotokea kwenye friji yetu. Naomba basi tuingie dukani. Kwenye rafu zetu sijawahi kuona chupa iliyoandikwa kaboni. Nitaitambuaje?

Fundi_Zabibu

Ni chupa chache zinazoandikwa hivyo, kwa hiyo jina la eneo na aina ya zabibu ndiyo mwongozo wako. Eneo linalojulikana zaidi ni Beaujolais, Ufaransa, na zabibu yake ni Gamay. Wengi wa huko hutumia njia ya nusu kaboni: vichala vizima hujazwa tangini, vya chini hupondwa na uzito wa vya juu, juisi hiyo huanza kuchachuka, na hewa ukaa inayotoka huko hupanda na kuvifunika vichala vya juu. Kwa hiyo ndani ya tangi moja kazi mbili hufanyika pamoja. Ukiona Beaujolais Nouveau, huo ndio mwepesi kuliko wote. Huanza kuuzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Chupa zilizoandikwa Fleurie au Brouilly nazo hupozeka vizuri. Moulin-à-Vent na Morgon mara nyingi ni imara zaidi, hizo usizipoze sana.

Hispania, upande wa Rioja Alavesa, wakulima wametengeneza mvinyo mchanga kwa vichala vizima tangu zamani, kabla wanasayansi hawajaieleza njia hii. Maelezo ya kisayansi yanahusishwa zaidi na Mfaransa Michel Flanzy, ambaye mwaka 1934 alijaribu kuhifadhi zabibu ndani ya hewa ukaa, akakuta zimeanza kuchachuka zikiwa nzima.

Ukikosa zote hizo, angalia chupa za Afrika Kusini zenye jina Cinsault. Punje zake ni kubwa na tanini yake kwa kawaida ni ndogo, kwa hiyo hata ikitengenezwa kwa njia ya kawaida huweza kuwa nyepesi. Soma kileo: kati ya asilimia 11.5 na 13 kuna matumaini, ikifika 14.5 iache. Kama maelezo ya nyuma yanasifu pipa la mwaloni na miaka ya kukomaa, huo si mvinyo unaoutafuta.

Jambo la mwisho kwa dukani, nalo kwa Mwanza ni zito: chagua mwaka wa karibuni. Tanini ni mojawapo ya vitu vinavyoulinda mvinyo, na huu hauna nyingi, kwa hiyo huzeeka haraka, hasa kwenye rafu iliyo karibu na dirisha la jua. Ukikuta kizibo kimesukumwa juu au shingo ya chupa inanata, rudisha. Ukishaufungua, ulioungua kwa joto hunuka jemu iliyopikwa au zabibu kavu badala ya tunda bichi, na pembeni mwa glasi rangi huelekea kahawia.

Capri_Point_Mezani

Mimi nahudumia mezani karibu na ziwa, na naomba niongezee kuhusu kupoza, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Ile kanuni ya dakika 30 za friji ambayo ndugu Upepo ametaja inamfaa mtu ambaye chupa yake imeanza na nyuzi 18 au 20. Chupa ya kwetu huanza na nyuzi 27 au 28. Baada ya dakika 30 ndani ya friji bado ina zaidi ya 20, na mgeni atasema huu si wa baridi.

Kipimo kinachokubalika kwa mvinyo huu ni kati ya nyuzi 12 na 14. Kutoka 28 kufika 13, friji ya kawaida huchukua kama saa 2, ikiwa haifunguliwi kila mara. Ndoo yenye barafu na maji huchukua kama robo saa. Nasisitiza maji, kwa sababu barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu na katikati kunabaki hewa, ila maji huizunguka chupa yote. Maji yafike shingoni, na uizungushe chupa taratibu mara mbili tatu, vinginevyo iliyo pembeni itapoa na ya katikati itabaki na joto.

Mimi huitoa ikiwa karibu na 11, kwa makusudi, kwa sababu kwenye baraza letu glasi hupanda joto upesi sana. Mimina kidogo kidogo, theluthi ya glasi, na chupa irudi kwenye maji, ila sasa barafu iwe chache. Ikizama kwenye barafu tele tangu mwanzo wa mlo hadi mwisho, harufu zote hufunga na utabaki na kimiminika chekundu chenye uchachu.

Mama_Sangara

Na je, kwa samaki? Kwangu mezani ni sato na sangara, nyama ni ya siku za sikukuu. Nimeambiwa tangu zamani kwamba mwekundu na samaki haviendi.

Capri_Point_Mezani

Kwa sato wa kukaanga aliyekaushwa vizuri, mwenye kachumbari na ndimu, mimi huutoa mvinyo huu bila hofu, na wageni huagiza tena. Ukakasi ni mdogo, uchachu wake unakata mafuta. Kwa dagaa nimeona tofauti: mara nyingine mdomoni hubaki ladha ya chuma na shombo kali ambayo haikuwapo kwenye samaki wala kwenye glasi.

Fundi_Zabibu

Ladha hiyo ina sababu yake. Watafiti wa Kijapani walionyesha mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo hukutana na mafuta ya samaki na kuzaa shombo hiyo. Mvinyo mwekundu mara nyingi una chuma kingi kuliko mweupe, lakini hutofautiana chupa kwa chupa, na njia ya kaboni haikuhakikishii kwamba kiko kidogo. Kwa hiyo kwa sato nakubaliana nawe. Kwa dagaa, onja kwanza kabla ya kumwekea mgeni.

Shamba_la_Igoma

Naomba kuleta la kwangu. Napata zabibu nyekundu kutoka Dodoma kwa basi, kreti kadhaa kila msimu. Nina pipa la plastiki la lita 60 lenye mfuniko. Nimesoma hapa, nikaona kwamba hata mtungi wa gesi sihitaji, nijaze tu vichala vizima, nifunge kabisa, nisubiri wiki. Je, nitapata mvinyo huo?

Fundi_Zabibu

Ndugu, ukifunga kabisa utapata mlipuko. Tafadhali soma hili kabla ya kununua zabibu.

Juisi lita 1 yenye gramu 200 za sukari, ikichachuka yote, hutoa takribani lita 50 za hewa ukaa. Hilo ndilo linalokuwezesha kufanya bila mtungi, na ndilo linaloweza kupasua pipa. Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba, na ncha ya pili itumbukize kwenye chupa ya maji: gesi itatoka, hewa haitaingia. Pipa likae mahali penye upepo, kamwe si chumba kilichofungwa ambamo mtu analala, wala usiingize kichwa ndani ya pipa kunusa. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini bila kuonekana, na imeua wafanyakazi wa viwanda vya mvinyo wenye uzoefu mkubwa.

Tuchukue kilo 20. Zimwage mezani uzichague kichala kwa kichala. Baada ya safari ya siku nzima, za chini ya kreti zitakuwa zimepasuka, na nyingine zimeanza kunuka siki. Zenye siki au ukungu zitupe. Zilizopasuka tu lakini ni safi, kama kilo 3, ziponde, tia hamira ya mvinyo, uziache zianze kutoa mapovu kwa nguvu chini ya pipa. Hapo ndipo uweke vichala vizima juu yake, kimoja kimoja kwa mkono, bila kumwaga na bila kukandamiza, kisha ufunge. Ndani ya muda mfupi juisi ya chini itakuwa imeifukuza hewa.

Kwa joto lenu la nyuzi 28 hadi 30, kazi ya ndani ya punje huchukua kama wiki moja. Kwenye nchi za baridi hulazimika kupasha tangi, nyinyi mmepewa bure. Kuanzia siku ya 5 chomoa punje nzima kutoka juu na ufunge haraka. Ikate kwa kisu. Zabibu nyekundu nyingi zina nyama nyeupe. Ukikuta nyama imegeuka waridi hadi karibu na kokwa, na ukiitia mdomoni inachoma ulimi kwa mapovu madogo na kuonja kileo, imeiva. Ikiwa bado nyeupe na tamu tupu, subiri.

Kisha minya, na hapa kuna jambo tofauti na mvinyo wa kawaida: juisi inayotoka kwa kuminya ndiyo bora kuliko iliyovuja yenyewe chini, kwa sababu imetoka ndani ya punje zilizofanya kazi. Changanya zote mbili, rudisha kwenye chombo chenye mpira, mahali penye baridi zaidi, karibu nyuzi 20 ukiweza, hadi mapovu yakome. Kutoka kilo 20 tarajia lita 12 hivi. Ukifungua ukasikia siki au rangi ya kucha, hewa iliingia, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Shamba_la_Igoma

Nimekuelewa mzee, na nashukuru kwa onyo la gesi. Zabibu ninazopata wanasema ni Makutupora. Hizo zitatoa ile harufu ya stroberi na ndizi?

Fundi_Zabibu

Mimi sijawahi kuitia Makutupora kwenye njia hii kwa vichala vizima, kwa hiyo sitakuahidi. Mabadiliko ya ndani ya punje yatatokea kwa zabibu yoyote iliyo hai, ila harufu itakayotoka hutegemea zabibu yenyewe, na ndizi hasa hutegemea pia hamira na joto la uchachukaji. Tengeneza kidogo kwanza.

Capri_Point_Mezani

Na kuhusu ndizi, wageni wangu wamegawanyika kabisa. Wapo wanaoifurahia, na wapo wanaosema ni kama dawa ya watoto. Mimi niko na hao wa pili. Nikipata Fleurie isiyo na ndizi ndiyo naiweka mbele.

Mkazi_wa_Nyegezi

Wadau, nimerudi. Nimepata chupa ya Cinsault ya mwaka juzi, kileo asilimia 12.5, kwa sababu Gamay sikuiona popote mjini. Tulifanya jaribio na wifi yangu: glasi moja kutoka chupa iliyokaa mezani, nyingine baada ya robo saa ya barafu na maji, na pembeni ile Cabernet yetu iliyobaki, nayo ikiwa imepozwa vivyo hivyo.

Cinsault ya mezani ilinuka spiriti kwanza, tunda likafuata nyuma. Iliyopozwa ilinuka cheri mara moja, na ukakasi ulikuwapo kidogo sana, kwenye ncha ya ulimi tu. Cabernet iliyopozwa ilikausha mdomo mpaka wifi yangu akaomba maji. Alimaliza glasi yake ya Cinsault na kuomba nyingine, jambo ambalo kwa mwekundu sijawahi kuliona kwake. Swali langu la sasa: nusu chupa imebaki. Itadumu?

Fundi_Zabibu

Irudishie kizibo, iweke friji leo hii, na iwe imekwisha ndani ya siku 2. Mvinyo wenye tanini ndogo hauvumilii hewa. Kesho jioni itoe friji dakika 20 kabla ya kula, maana itakuwa na nyuzi 5 hivi, na hapo hata cheri hutaisikia.

Upepo_wa_Ziwa

Dada, hiyo Cinsault umeipata duka gani? Na je, walikuwa wameiweka mbali na dirisha?

Mkazi_wa_Nyegezi

Ilikuwa rafu ya chini kabisa, upande wa kivuli, kaka. Nitakutumia jina la duka faragha. Zilibaki chupa tatu.